Sifa za Mpendwa Mkulima

Wengine na wamsifu gavana. Mimi leo namsifu Mpendwa Mkulima, ambaye si mtu bali ni salamu. Nimeishi naye miaka mitatu nikiwa katibu wa kikundi cha wakulima wa ndengu, nusu yetu huku Kathonzweni, nusu ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui. Tukiiuliza ofisi ya kilimo jambo, jibu huja kwenye simu yangu. Nami hulituma kwa ujumbe mfupi kwa wanachama 40, wengi wao wakiwa na katululu.

Ukarimu wake ndio sifa yake kuu. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Ila ukitia kikaragosi kimoja tu chenye tabasamu, simu inabadilisha namna ya kuandika herufi zote, na nafasi inashuka hadi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili. Sasa tazama:

Habari za leo mpendwa mkulima! 😊 Asante sana kwa swali lako zuri kuhusu uhifadhi wa mahindi.

Hizo ni herufi zaidi ya 90. Kwa hiyo nikizituma zilivyo, kikundi chetu hulipa jumbe mbili mara 40 ili wazee waambiwe kwamba swali lao ni zuri, kabla hata punje moja haijatajwa. Mgeni gani mwingine huingia nyumbani kwako, akakusifu, kisha akakuachia bili? Hata ile alama ya ritifaa iliyopinda, inayobandikwa na kompyuta ya ofisini katika ng'ombe na ng'ambo, ina ukarimu uleule: haina tabasamu, lakini nayo hushusha 160 kuwa 70.

Ni mpole pia, na hachoki. Tuyaache hayo.

Mwanzoni nilikuwa mjinga, nikimfyeka kwa panga: aya ya kwanza nje, aya ya mwisho nje, ya katikati tuma. Hapo ndipo aliponifunza unyenyekevu. Aya ya mwisho ya jibu lile ilisema: "Tunatumaini tumekusaidia. Kumbuka kutofungua mfuko kwa wiki 4. Usisite kutuuliza tena!" Mifuko tunayohifadhia mavuno ina plastiki mbili ndani ya gunia, kila moja ikifungwa peke yake ili hewa isiingie. Fukusi waliomo humaliza hewa wakanyong'onyea. Ukifungua siku ya kumi kuonyesha majirani, umewapa pumzi upya. Na wazee wetu walifungua, kwa sababu mimi nilikata.

Ile aya ya mbele nayo nimeacha kuikata kabla ya kuisoma, kwani ndiyo hukiri swali gani lilijibiwa. Isome tena hapo juu. Sisi tuliuliza kuhusu ndengu.

Mahindi! Mtu alifungua faili, akanakili, akabandika, hata jina la zao hakubadilisha. Fukusi wa ndengu hutaga mayai juu ya maganda shambani, hivyo mavuno ya Januari huingia ghalani yakiwa na mgeni ndani, na kila wiki ya kungoja ni matundu. Jibu la mahindi halikugusa hilo. Nikaikubali ile ahadi ya kutosita, nikauliza tena. Wiki tatu kimya. Baadaye nikaelewa: kule ofisini swali likishajibiwa huhesabiwa limejibiwa, na swali la pili ni usumbufu kwa hesabu iliyokwisha fungwa. Tabasamu lile halikuwa la mtu. Aliyelibandika alikuwa amekwenda chai.

Basi nilikwenda mwenyewe kwa mama mmoja wa upande wa Kitui ambaye ndengu zake hazina tundu. Yeye hukausha mara tu akivuna, kisha hutia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, akatikisa dakika kumi. Chumvi ikishika kioo, unyevu bado umepita asilimia 15 hivi. Isiposhika, hiyo ni dalili kwamba umeshuka chini ya hapo, si kwamba umeshuka vya kutosha, kwa hiyo yeye huongeza siku nyingine ya jua. Hakuniita mpendwa. Alinipa kiti.

Nikaandika hivi:

Ndengu: kausha juani juu ya turubai. Tikisa na chumvi kavu kwa chupa kavu dakika 10. Ikigandana anika tena. Funga kila mfuko peke yake. Usifungue wiki 4.

Herufi 153, nafasi zikihesabiwa. Nilijiona bingwa. Jioni mwenyekiti wetu, mzee wa miaka 74, akanipigia: "Katibu, siku hizi hata hutusalimii?"

Nilikuwa nimebakiwa na herufi saba. "Jambo", nukta, na nafasi moja: zikatosha.