Sifa za "Bei?" Chini ya Kapsheni Yenye Bei

"Bei?" ni swali la neno moja linaloandikwa chini ya picha ya bidhaa Instagram, na hufikia ukamilifu wake pale linapoulizwa chini ya kapsheni ambayo bei imeshaandikwa. Likiulizwa mahali ambapo bei haipo ni swali la kawaida tu na halina cha kusifiwa. Lina ndugu zake: "Bei gani?", "Sh ngapi?", "Hii je?", na yule mdogo wao wa mwisho, alama tupu ya kuuliza, ambaye amejitenga hata na maneno.

Fadhila zake ndogo zinajulikana. Linaandikika kwa kidole gumba kimoja ndani ya daladala ya Mbagala, mkono mwingine ukiwa umeshika bomba. Halina salamu, hivyo halimsumbui mtu kuitikia. Halihitaji nia ya kununua, wala pesa, wala kitanda cha kutandika shuka linaloulizwa.

Fadhila yake kuu ni usawa, na hiyo inastahili kuelezwa kwa kirefu. Mchukulie muuza mashuka wa Dar es Salaam mwenye seti ya shuka mbili na foronya nne za kitanda cha sita kwa sita, anayoiuza shilingi 35,000. Ataandika bei mwishoni mwa kapsheni, na swali litakuja. Ataipandisha mstari wa kwanza, na swali litakuja. Ataibandika juu ya picha yenyewe kwa tarakimu za njano zenye kivuli cheusi, kubwa kiasi cha kufunika upande mmoja wa kitanda, litakuja, na safari hii limeambatana na "Foronya ziko ngapi?" kwa kuwa mbili zimefunikwa na bei. Atarekodi video na kuitaja kwa sauti mara tatu kama mnadi wa samaki pale Feri. Litakuja, kwa sababu wengi hutazama video wakiwa wamezima sauti. Mwisho atachukua "Bei?" ya mteja mmoja pamoja na jibu lake na kuipini juu ya komenti zote ili kila ajaye aione. Hapo swali hufanya jambo la heshima kubwa: huja na kukaa chini ya swali lenzake lililopiniwa, kama mgeni anayemkuta mgeni mwenzake barazani na kusogezewa mkeka.

Watawala wema husifiwa kwa kumpima tajiri na maskini kwa mizani moja. "Bei?" linampima aliyeandika bei na asiyeandika kwa mizani moja, aliyeanza kuuza jana na mwenye wafuasi laki tatu, duka la ghorofa na meza ya nje ya duka. Hakuna juhudi inayoweza kumpatia muuzaji upendeleo mbele yake. Katika mji ambao karibu kila foleni ina mlango wa pembeni kwa wenye kujuana, usawa wa namna hii si kitu cha kuokota.

Usawa huo una sababu zake, na ya kwanza ni mkasi. Kapsheni ya Instagram inaweza kubeba herufi 2,200, lakini anayepitisha kidole kwenye picha huonyeshwa takriban 125 za mwanzo tu, pungufu au zaidi kidogo kulingana na simu. Zinazobaki hukatwa na kufichwa nyuma ya neno `more`. Basi muuza mashuka huyu akiamka na adabu zake huandika hivi: "Habari za asubuhi wapendwa wateja wetu, Ijumaa Karim kwenu nyote, mzigo mpya umeingia, wahi kabla haujaisha, tunauza jumla na rejareja". Hizo ni herufi 134, nafasi zikihesabiwa, na mkasi umepita kabla tu ya neno "rejareja". Bei iko mstari wa pili, nyuma ya pazia. Mteja ameona salamu, dua na haraka; alichokuja kukitafuta hakukiona.

Tangazo lilelile likigeuzwa huwa fupi: "Mashuka ya kotoni 6x6, shuka 2 na foronya 4, 35,000/=. Dar tunaleta, mikoani tunatuma." Hizo ni herufi 86. Kitu, ukubwa, idadi na bei vyote vimekaa upande huu wa mkasi, na salamu zinaweza kufuata kwa wenye moyo wa kuzisoma. Muuzaji akibadilisha hivyo, maswali ya bei hupungua. Hayaishi.

Sababu ya pili ni mkunjo. Jibu likiandikwa chini ya komenti hukunjwa ndani yake mpaka mtu abonyeze kulifungua. Anayekuja baadaye huona safu ya maswali, "Bei?", "Bei?", "Bei gani?", yakiwa wazi, na majibu yote yamejificha. Kwa macho yake hilo ni duka ambalo watu wanane wameuliza na muuzaji amenyamaza. Akiwa mstaarabu huwasaidia wenzake kwa kuuliza mara ya tisa.

Kufikia hapa lawama zote zinaonekana kuwa za mtambo, na mteja yuko safi. Lakini hebu tuseme kweli. Kulifungua neno `more` ni mguso mmoja. Kuuliza bei ni kugusa sehemu ya komenti, kisha herufi tatu, kisha alama ya kuuliza, kisha kutuma: miguso sita. Mtu asiye na muda wa kusoma amefanya kazi mara sita ya aliyesoma, saa saba usiku, na simu ya muuzaji imelia kando ya mto wa kulalia wa mtoto aliyekuwa amelala kwa tabu. Asubuhi akijibiwa kwa upole, "35,000 mpenzi, karibu sana", ataandika "Ghali" na kupotea. Yuko pia anayejibiwa na kuandika "Mwisho?" kabla hajauliza hata rangi. Sifa zake yeye zitaandikwa siku nyingine.

Tukitulia, sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo haitoki kwa mteja wala kwa mtambo. Inatoka kwa wauzaji. Kwa miaka mingi mtu aliyeifungua kapsheni ya mashuka mpaka mstari wa mwisho alikuta "Bei poa", au "Bei ni maelewano", au "Bei njoo DM". Mwingine alikuta "Kuanzia 15,000", akaenda DM kwa shangwe, akaambiwa 15,000 ni foronya peke yake. Mtu aliyefunua chungu mara kumi na kukikuta kitupu hafunui tena cha kumi na moja. Huuliza aliyekaa jikoni. "Bei?" ni mtoto halali wa "Njoo DM", na amelelewa na wafanyabiashara walewale wanaolalamika kwamba hana adabu.

Wenyewe husema wanaficha bei ili duka la jirani lisije likashusha yake kwa mia tano. Kuna ukweli hapo, ingawa jirani naye ana akaunti ya pili isiyo na picha na ameshauliza DM tangu juzi. Wengine huficha ili wamsome mteja kwanza. Kabla ya kujibu hufungua ukurasa wake, wakaangalia picha alizopiga, gari lililoegeshwa nyuma yake, na mahali alipokwenda kula sikukuu. Shuka lilelile likawa 35,000 kwa wa Mbagala na 50,000 kwa wa Masaki. Hiyo ni kazi ileile ya kumpima mteja kwa nguo na miwani, na ilikuwapo mitaa ya Kariakoo kabla ya simu. Tofauti ni kwamba zamani mteja alijua anatazamwa.

Kundi la tatu halifichi bei, kwa kuwa halina bei ya kuficha. Hawa ni madalali wanaouza kwa picha. Shuka liko dukani kwa mtu mwingine Mtaa wa Kongo. Dalali amechukua picha, amekata pembe yenye jina la duka, ameiweka kwake, na anangoja aulizwe ndipo naye akaulize. Hutambulika kwa "ngoja nicheki stoo", kwa jibu linalokuja baada ya nusu saa, na kwa kushindwa kutuma picha nyingine ya shuka hilohilo likiwa limekunjuliwa. Bei ya dukani ikipanda asubuhi, yake imeshapitwa. Ndiyo maana kapsheni yake haiwezi kuwa na tarakimu. Nyongeza yake ya 5,000 au 10,000 si dhambi, maana kuna miguu imetembea. Dhambi ni kuufundisha mji mzima kwamba maandishi chini ya picha ni mapambo.

Serikali nayo imewahi kugusa bei, kwa upande mwingine. Kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei ya bidhaa na huduma kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania. Aliyezoea kuandika dola akaandika shilingi. Aliyezoea kunong'ona akaendelea kunong'ona, sasa kwa shilingi.

Kulijibu swali kuna namna yake. "35 tu dia" ni jibu baya hata kama ni la kweli, kwa sababu picha ina shuka, pazia na duveti, na 35 haijasema ni ya kipi. Jibu lenye kusimama peke yake hutaja kitu, ukubwa na bei kamili: "Seti ya shuka 6x6 ni 35,000, kuletewa Sinza ni 4,000 ya boda." "Imeandikwa hapo juu" ni jibu la haki, na limewapotezea wauzaji wateja wengi kuliko bei yenyewe. Wazoefu huandika tarakimu kimya kimya na kumeza yaliyobaki.

Ugumu huja bei inapopanda. Mzigo mpya umefika, seti sasa ni 38,000. Muuza mashuka anahariri kapsheni na kudhani kazi imekwisha, kumbe chini yake kuna majibu kumi na moja ya 35,000, aliyoyaandika kwa mkono wake, kila moja limekunjwa ndani ya swali lake. Yule yule ambaye hakuwahi kuliona jibu alipolihitaji sasa analifunua bila shida, analipiga skrinishoti na kulileta DM: "Mbona huku uliandika 35?" Komenti ya siku nyingi haihaririki kama kapsheni, hufutwa moja moja na kuandikwa upya. Wengi huona ni nafuu kuuza seti hiyo moja kwa bei ya zamani na kuishusha posti nzima usiku, pamoja na komenti zake zote.

Asiyetaka kuishusha huandika IMEISHA juu ya picha, kwa rangi nyekundu, kutoka kona hadi kona. Chini yake, ndani ya saa moja, na usawa wake ukiwa haujapungua hata chembe, huja "Bei?"