Namna ya Kuwapa Wateja Wawili Namba Moja ya Oda

Anza na hifadhidata moja, iache ihesabu yenyewe: 1, 2, 3. Namba ni fupi na hazijirudii. Mshindani wako naye atafaidi: akiagiza kijiko Jumatatu hii na kingine Jumatatu ijayo, atatoa namba moja kwenye nyingine na kujua umepokea oda ngapi wiki nzima.

Biashara ikikua, ongeza hifadhidata ya pili. Mjuaji mmoja ataiwekea MySQL mipaka:

```
SET GLOBAL auto_increment_increment = 2;
SET GLOBAL auto_increment_offset = 1;
```

Ya pili ataipa `offset` ya 2, moja itoe witiri, nyingine shufwa. Usibishane naye. Seva ya tatu ikifika, itakuta witiri na shufwa zote zina wenyewe.

Namba za nasibu ziogope. UUID toleo la 4 ina biti 122 za kubahatisha, na seva haina haja ya kuuliza wenzake, kwa hiyo hutapata mgongano hata ukisubiri uzeeni. Utaambulia kuchelewa tu: InnoDB hupanga safu kwa kufuata ufunguo mkuu, katika kurasa za KB 16, na namba isiyo na mpangilio hujipenyeza popote na kupasua kurasa zilizojaa. Jedwali likishapita ukubwa wa kumbukumbu, kila oda mpya huishia kuisumbua diski.

Chombo chako hasa ni Snowflake, iliyotoka Twitter mwaka 2010: biti 41 za milisekunde, 10 za namba ya mashine, 12 za kihesabu. Oda mpya huingia mwishoni mwa jedwali, kwa adabu. Sasa andika namba ya mashine kwa mkono kwenye faili la mipangilio, tuseme 7, kisha nakili seva nzima upate ya pili. Mashine 7 zimekuwa mbili. Kihesabu huanza na 0 kila milisekunde, kwa hiyo oda mbili zikiingia kwa pamoja, moja kila seva, zitapata namba ileile. Usiku wa manane hutaona kitu. Ngoja tarehe ya mshahara.

Seva zote zikiandika kwenye jedwali moja, utaumbuliwa na `Duplicate entry`. Kwa hiyo kila moja iwe na hifadhidata yake. Hapo hakuna atakayelalamika mpaka mhasibu aunganishe ripoti, au mtu wa Temeke aliyeagiza pasi aletewe godoro la mtu wa Tabata.

Saa nayo ikirudishwa nyuma, programu ya Twitter hugoma kutoa namba mpaka wakati uifikie tena. Futa sharti hilo, linachelewesha wateja.

Asiyetaka vituko hivi atumie UUID toleo la 7, iliyosanifishwa mwaka 2024: biti 48 za wakati zinatangulia, nyingi za zilizobaki ni za nasibu, na haiulizi mashine ni ya ngapi. Aihifadhi kama `BINARY(16)`, akijua tu kwamba yeyote mwenye namba hiyo ataisoma oda ilifunguliwa saa ngapi.