Dar–Mwanza kwa Ndege: Maswali Sita Kabla ya Kubonyeza

Umezoea basi la Mwanza linaloanzia Mbezi, sasa umeamua kuruka na tiketi utaikata mwenyewe mtandaoni. Hongera. Ila ukurasa wa malipo haumsubiri mtu anayetafuta miwani: ukikawia, unajifunga na nauli huenda ikapanda. Tuhesabu kurudi nyuma, sita hadi moja.

6. Uwanja wa kushukia unaandikwaje?
Andika jina la mji, herufi tatu zitajitokeza zenyewe: DAR, MWZ, ZNZ. Wenye kazi zaidi ni wa Arusha. Uwanja wa mjini ni ARK, na JRO ni Kilimanjaro, karibu kilomita 50 kutoka mjini. Muulize mwenyeji wako kwanza, la sivyo nauli uliyookoa ataila dereva wa teksi.

5. Nina begi moja tu. Na zawadi kidogo.
Hiyo "kidogo" ipime leo kwenye mizani. Nauli ya chini kabisa mara nyingine haina begi la kwenda chini ya ndege, na kulilipia uwanjani kwa kawaida ni ghali kuliko kulilipia wakati wa kukata tiketi. Kumbuka pia safari ya kurudi: hakuna aliyewahi kutoka Mwanza bila mtu kumkabidhi sato.

4. Mtoto wangu ni mdogo, analipa?
Usiseme mdogo, sema tarehe ya kuzaliwa. Chini ya miaka 2 hupakatwa kwa nauli ndogo. Kuanzia 2 hukaa kiti chake. Umri unaohesabiwa ni wa siku ya kusafiri. Mtoto akitimiza miaka miwili mkiwa Mwanza, atarudi akiwa abiria kamili, hata kama bado ananyonya.

3. Ndege ya 06:00 ni ya saa sita, sivyo?
Sivyo kabisa. Ni saa kumi na mbili asubuhi, na ukija saa sita mchana utakuta wenzako wameshakunywa chai Mwanza. 13:30 ni saa saba na nusu mchana.

Mtego mkubwa ni saa za usiku. Tiketi ikisema Jumamosi 00:45, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano, usiku wa kuamkia Jumamosi. Nyumbani unatoka Ijumaa jioni. Ukitoka Jumamosi jioni, ndege yako ilishaondoka tangu jana usiku. Andika saa zote mbili kwenye karatasi, ya skrini na ya Kiswahili, ndipo uchague.

2. Kadi yangu ina hela. Kuna lingine?
Yapo mawili. Ulizia benki kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na kama kiwango chake cha siku kinafika nauli. Kisha uwe na simu yenye laini uliyoandikisha benki, maana namba ya siri ya OTP hutumwa huko na huisha muda upesi. Laini ikiwa kwa mdogo wako Tabora, mtasafiri wote kwa maneno. Baadhi ya mashirika hupokea pesa za simu kwa namba ya malipo, nayo ina saa yake ya mwisho.

Je, hela ikikatwa na skrini ikaganda? Usilipe tena! Fungua barua pepe. Ukikuta herufi na tarakimu sita tu, PNR, una nafasi iliyoshikwa. Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13. Ikikosekana, piga simu kwa shirika ukiwa na ujumbe wa benki mkononi.

1. Jina niandike lipi? Wote wananiita Mama Zuhura.
Kwenye basi Mama Zuhura anafika salama. Kwenye ndege anabaki mlangoni, kwa sababu jina la tiketi linalinganishwa na kitambulisho.

Tuseme cha NIDA kinasomeka Asha Juma Salum. Penye *Last name* au *Surname* weka SALUM, penye *First name* weka ASHA JUMA. Tiketi itakuja SALUM/ASHAJUMA MRS. Usishtuke, mifumo mingi hubana majina hivyo, na hujaolewa na mtu mpya. Cha kushtukia ni "Aisha" badala ya Asha, au jina la mume ambalo kitambulisho hakilijui.

Ukiona kosa, wasiliana na shirika siku hiyohiyo. Herufi moja kwa kawaida hurekebishwa, pengine kwa ada. Kumpa binamu tiketi yako kwa kuwa umeghairi safari, hilo halirekebishwi: kwa kawaida atakata yake.