Salio Lililonisaliti Mkekani

Kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu, kule Mbagala, nilisema kweli tupu: simu yangu ilikuwa na shilingi 12,400. "Mjomba, mwezi huu nimekaukiwa," nikatamka kwa sauti ya mgonjwa, huku simu nimeilaza mkekani, kioo juu, kando ya sahani ya visheti. Sikuwa na wasiwasi. Kwenye programu ya pesa nilishagusa kale kapicha ka jicho, salio likageuka nukta.

Ikalia. Kioo kikawaka: umepokea shilingi 480,000, salio lako jipya ni shilingi 492,400. Pesa yenyewe ilikuwa ya kodi ya nyumba, lakini meseji haikusema hivyo. Mjomba, ambaye kadi ya mwaliko huisoma kwa mkono ulionyooka, hii aliisoma bila miwani mpaka sufuri ya mwisho. "Mola kajibu," akasema. Katibu akafuta ahadi yangu ya elfu thelathini, akaandika laki na nusu.

Jicho lile, kumbe, hufumba programu yake tu. Taarifa ya muamala huja kwa meseji ya kawaida, na simu huitandaza kwenye skrini hata ikiwa imefungwa: kiasi, jina la mtumaji, salio. Binti yangu ndiye aliyenionyesha pa kuizibia: Mipangilio, kisha Arifa, kisha sehemu ya skrini iliyofungwa (maneno hutofautiana kidogo simu na simu). Hapo unaacha arifa ziendelee kuingia, ila maudhui nyeti yafichwe mpaka ufungue. Tukajaribu palepale. Nikafunga simu, akanitumia shilingi 1,000, ambayo kwanza ilibidi nimpe mimi, na makato juu yangu. Kioo kikawaka, kikataja programu ya meseji na kwamba maudhui yamefichwa, basi. Hata zile namba za uthibitisho za benki, ambazo jirani wa daladala alikuwa akizisoma kabla yangu, sasa hazionekani.

Nikatembea kifua mbele mpaka Jumapili, nilipompa shangazi simu aangalie picha za sare. Simu iko wazi mikononi mwake, meseji ikateremka kutoka juu kama chandarua, na salio lake. Ule mficho ni wa simu iliyofungwa. Ukishafungua, unabaki ujumbe unaochungulia juu ya skrini, na huo unazimwa peke yake, ndani ya arifa za programu ya meseji. Nikauzima usiku uleule.

Kikao cha juzi simu ikalia, ikawaka, isiseme kitu. Mjomba akaitazama, akanitazama mimi, kisha akamgeukia katibu.

"Siku ile alikuwa anaonyesha," akasema. "Leo anaficha. Mwandikie laki tatu."