Chombo Hakirudi Kitupu

Tulipoachana nilijiwekea sheria moja: siku 30 bila simu, bila meseji, bila kuchungulia stetasi yake. Jina lake kwenye simu nikalifuta, nikaandika USIPOKEE. Siku nane za kwanza niliitii sheria hiyo barabara, ingawa sifa zote ni za Usipokee mwenyewe, maana hakupiga hata mara moja.

Siku ya tisa, saa mbili usiku, nanyoosha shati, giza likaingia. Nikachungulia dirishani: kwa majirani taa zinawaka. LUKU imeisha. Nikafungua simu, nikaingia kwenye malipo, ikaja orodha ya mita nilizohifadhi. Nikagusa palipoandikwa "Nyumbani", nikalipa shilingi 10,000. Tokeni ikaja. Nikapanda kwenye stuli, nikabonyeza tarakimu zote 20. Mita ikakataa. Nikarudia polepole, kama mtoto anayesoma silabi. Ikakataa. Mara ya tatu ndipo nikasoma meseji kuanzia juu.

Namba ya mita ilikuwa ya kwake. Mwaka jana, nilipokuwa nashinda kwake kuliko kwangu, mita ya kwake ndiyo niliyoiita "Nyumbani". Yangu nilikuwa nimeiandika "Geto".

Tokeni hutengenezwa kwa mita moja tu. Zile tarakimu zingeingia kwake, au zisingeingia popote duniani. Nikakaa gizani na shati lililonyooka mkono mmoja, nikapiga hesabu. Nikimtumia, sheria imevunjika, tena atasema ni mbinu: mwanamume anayekutumia umeme usiku bila hata salamu, huyo bado hajakubali. Nisipomtumia, elfu kumi imekufa.

Nikaona nipitie kwa mtu wa kati. Hapo ndipo utajua kwamba mkiachana, marafiki hawagawanywi kama vyombo. Wetu wote tulikuwa nao kwenye kamati moja ya harusi ya rafiki yetu, watu 63 katika kundi moja la WhatsApp. Yeye nilishamfungia, lakini kumfungia mtu hakumtoi kwenye kundi. Kila alipoandika "Wapendwa, tukamilishe ahadi", nilimsoma kama wengine. Basi nikamtumia rafiki mmoja zile tarakimu, nikamsihi amfikishie kimyakimya.

Naye, kwa haraka zake, akaziweka kwenye kundi: "Hii 10,000 imetoka kwa kaka yetu."

Mweka hazina, ambaye kwake kila meseji yenye tarakimu nyingi ni muamala, akajibu papo hapo: "Tumepokea. Bado 90,000. Mungu akubariki." Makofi yakamiminika. Mwenyekiti akanitaja kuwa mfano wa kuigwa. Kabla rafiki yangu hajaifuta, Usipokee akaandika neno moja: "Imeingia." Mweka hazina akachukulia kuwa huo ni uthibitisho. Mpaka leo daftari la kamati linasema nimechangia.

Siku ya kumi na moja nikaamua kumaliza mambo yote. Nikapakia kila kilicho chake kwenye kiroba: pasi, kanga mbili, chaja, ufunguo wa geti. Kiroba kilikuwa cha kuonyesha ndani. Bodaboda akakitazama, akanitazama, akasema, "Pole kaka. Hii safari nakupunguzia, nipe 3,000." Alifika akakuta mlango umefungwa, maana aliyekatazwa kupiga simu hawezi kuuliza kama mtu yupo. Kiroba kikarudi, kikaenda tena, nauli nikalipa mara mbili. Mara ya pili punguzo halikuwepo.

Kilichobaki ni hotipoti, nayo ndiyo iliyonishinda. Ilikuwa ya mama yake, aliyeniletea pilau Idi. Ugomvi wangu ni na binti, si na mama, na chombo cha watu hakirudi kitupu. Nikaweka sukari kilo moja, nikampa yule yule bodaboda, ambaye sasa ananiita shemeji.

Jioni simu ikaita. "Mwanangu, ahsante kwa sukari. Huku hatukusahau."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo kijana wa pikipiki nimempa kitu akuletee."

Kwa hiyo wewe unayeanza kuhesabu siku leo, usianze na kufungia namba. Anza na vitu. Futa mita, toka kwenye kamati, rudisha vyombo vyote siku moja mwenyewe akiwa nyumbani, ndipo uandike siku ya kwanza. Mimi nilianza kinyume, na leo ni siku ya 24.

Hotipoti iko mezani kwangu, ina vitumbua sita. Kesho inabidi irudi.