Kufufua soga lililolala

Soga la simu likilala siku nne, wengi hulifufua kwa "Umepotea sana!" Msemaji husahau kwamba naye alikuwa kimya siku hizohizo nne. Wengine hutuma alama ya kuuliza peke yake, kama karani anayedai stakabadhi. "Mambo" nayo huzaa "poa", kisha kaburi hufungwa upya.

Kabla ya kununa, hutazamwa tiki. Tiki moja ya kijivu kwenye WhatsApp ina maana ujumbe haujafika kwenye simu: huenda mpokeaji yuko Masieda, Mbulu, simu imeisha chaji au mtandao umekatika. Kumnunia huyo ni kuununia mnara.

Tiki zikiwa mbili, dawa ni jambo jipya lenye swali jepesi: "Nakuja mnadani Jumamosi. Mahindi debe linakwendaje huko?" Kimya hakitajwi, wala sentensi haianzi na "najua uko bize", maana hiyo ni lawama iliyovaa kanzu. Ujumbe hutumwa mara moja. Asipojibu, ukimya huo sasa ndio jibu, na bei ya debe huulizwa kwa mwingine.