Uhakiki Usiopiga Kambi Kila Sura

Uko uhakiki wa vitabu unaokwenda kama msafara wa zamani kutoka Bagamoyo hadi Tabora. Sura ya kwanza, kambi. Sura ya pili, kambi. Sura ya tatu mwandishi "anaendelea kufafanua", kambi nyingine. Miezi mitatu baadaye msomaji anafika Unyanyembe akiwa hoi, na hakuna aliyemwambia kama pembe alizozifuata zilistahili safari. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wahakiki wa namna hiyo. Nawaonea huruma kidogo, nawaonea hasira zaidi, maana kitabu kizuri kikihakikiwa hivyo hakuna anayebishana nacho, na kitabu kibaya hakuna anayekigundua.

Tutumie kitabu kimoja tu. Mwaka 2006 mwanahistoria Stephen Rockel alichapisha *Carriers of Culture*, kuhusu wapagazi wa Afrika Mashariki katika karne ya 19. Tabora imo ndani yake kila upande, kwa kuwa Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia ile. Mtu wa Tabora akikisoma anasoma habari za babu zake, kwa hiyo ana kila sababu ya kukidai hesabu.

Kabla ya kuandika lolote, soma utangulizi na hitimisho, funga kitabu, kisha andika hoja ya mwandishi kwa sentensi moja. Ukiandika "Kitabu hiki kinahusu wapagazi," futa. Hiyo ni mada, na hakuna mtu kuanzia Mpwapwa hadi Ujiji atakayeipinga. Hoja ni kitu ambacho mtu mwenye akili timamu anaweza kukikataa. Ya Rockel ni hii: wapagazi wa njia ya kati, hasa Wanyamwezi, kwa sehemu kubwa hawakuwa watumwa waliosukumwa kwa minyororo, bali wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi, walioujua mkataba wao na kuupigania, na waliojenga utamaduni wao wa kazi wakiwa njiani. Sasa una kitu cha kushika. Sura zote zilizobaki utazisoma ukiuliza swali moja: hili linaitegemeza sentensi ile, au limekaa tu?

Kisha muulize mwandishi anabishana na nani. Hapa wengi hunyamaza, na hapa ndipo uhakiki hupata pumzi. Mwaka huohuo wa 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hii UNESCO, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ikiwa na vituo kama Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Jina hilo nalo ni hoja. Linamfanya mgeni anayefika Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, kumwona kila aliyebeba pembe kuwa mtumwa. Watumwa walipita njia hii, na hakuna haki ya kulipunguza hilo. Lakini je, mtu aliyebeba frasila mbili za mzigo, yaani kilo thelathini na kitu, alikuwa mtumwa au alikuwa kazini? Ukimwonyesha msomaji kwamba kitabu na jina hilo la njia haviwezi kuwa sahihi vyote viwili bila maelezo, atataka kujua kilichomo.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu: chagua nguzo moja ya ushahidi, uitikise. Moja tu. Mimi ningechagua utoro. Shajara za wasafiri wa Kizungu, Burton, Stanley, Cameron na wamisionari, zimejaa malalamiko kwamba wapagazi wamekimbia tena usiku. Wao waliona uvivu na hila. Rockel anausoma utoro huo, pamoja na migomo ya kukataa kuondoka kambini, kama silaha ya mfanyakazi. Mhakiki asiseme "mwandishi anaeleza utoro kwa kina." Achukue kisa cha utoro katika shajara mojawapo na kukihoji. Mpagazi aliacha mzigo au aliondoka nao? Posho ilikuwa imepunguzwa, au vitambaa vya kununulia chakula vimekwisha? Alikuwa ameshapokea sehemu ya ujira mapema? Aliondoka peke yake au pamoja na kundi zima la kijiji kimoja? Alikuwa karibu na kwao, na mvua zinakaribia?

Majibu hayaelekei upande mmoja. Kundi likiacha mizigo chini na kuondoka baada ya posho kukatwa, huo ni mgogoro wa kazi na hoja ya Rockel inasimama imara. Mtu akitoroka na bunduki baada ya kupokea malipo ya awali, hapo neno "mgomo" linalegea. Na akiondoka karibu na kwao mvua zikikaribia, anatenda kama mkulima. Wanyamwezi wengi waliteremka pwani kiangazi na kutaka kurudi kabla ya kupanda. Kitabu hakianguki kwa hilo, lakini mhakiki aliyeuliza maswali hayo ameshajua maneno "mfanyakazi wa ujira" yanabeba uzito kiasi gani.

Sasa angalia tanbihi, uone nani aliyeshuhudia. Wasafiri wale walimwona mpagazi barabarani: akijadili ujira, akililia posho, akimfuata kirangozi mbele ya msafara. Shambani kwake Unyamwezi walimwona kwa kupita tu. Nani alilima alipokuwa pwani? Mkewe bila shaka, na katika nyumba nyingine watumwa walionunuliwa kwa faida ya safari. Hapa mhakiki amlete Jan-Georg Deutsch, aliyeandika juu ya utumwa na mwisho wake katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, pia mwaka 2006. Wapo pia Waungwana, wapagazi wa pwani, ambao baadhi yao walikuwa watumwa waliojikodisha na kugawana ujira na mabwana zao. Mtu kama huyo ni huru au si huru? Rockel anayajua maswali haya. Kazi yako ni kupima kama majibu yake yana nguvu sawa na sura za barabarani.

Muhtasari nao una mahali pake. Kwa uhakiki wa maneno 1,000, uupe 200, wote karibu na mwanzo, wala usitaje namba ya sura isipokuwa unapobishana nayo. Usimlaumu mwandishi kwa kitabu ambacho hakukusudia kukiandika. Kumdai Rockel historia ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ni kujaza nafasi. Maneno kama "kitabu kinafaa kusomwa na wote" yaache, kwa sababu yanafaa hata kwa kitabu cha mapishi.

Aya ya hukumu ningeiandika hivi: "Rockel amethibitisha kwamba barabarani mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mfanyakazi aliyejua thamani yake, na baada ya kumsoma ni vigumu kuyaamini tena malalamiko ya wasafiri kama yalivyo. Lakini ushahidi huo unatoka kwa watu waliomwona akiwa safarini. Uhuru wa safarini ulitegemea nini nyumbani, na jembe la nani? Hapo hoja yake inakuwa dhana yenye kuvutia kuliko jambo lililothibitishwa, na atakayeijaribu itambidi aanzie vijijini Unyamwezi, nje ya njia."